Swali Ambalo Kisogo Hakiwezi Kulijibu

Mwongozaji wa makumbusho anayetaka kujua kama swali lake linafaa kwa watoto anaweza kulipima hivi: amgeuze mtoto akipe kisogo kitu kinachozungumziwa, kisha amuulize. Mtoto akijibu vizuri bila kugeuka, swali hilo halifai. Limepima kumbukumbu yake au bahati yake, na macho yake hayakuwa na kazi. "Huyu ni mnyama gani?" mbele ya sanamu ya ndovu ni swali la namna hiyo. "Je, ndovu ni mkubwa?" ni baya zaidi, kwa kuwa darasa zima litaitikia "Ndiyooo!" na wa nyuma kabisa waitikie kwa nguvu kuliko wote, huku wakitazama dirishani. Na tunajua sote lile zoea la darasani la kukata neno katikati: "Hii ni mifu...?" na watoto wanamalizia "...pa!" Sauti zinasikika, mwalimu anaridhika, na hakuna aliyeona kitu.

Ziara ya dakika ishirini haina nafasi ya maswali ya aina hiyo. Hapa nitafuata ziara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na watoto wa gredi ya nne wenye miaka tisa au kumi. Nimechagua viumbe wawili tu: ndovu Ahmed wa Marsabit, na mvulana wa kale aliyepatikana Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Makumbusho ina mamia ya ndege waliokaushwa, vibuyu, michoro na mengi mengine, na mwongozaji atashawishika kuwapitisha watoto kila mahali. Akifanya hivyo, watoto watarudi nyumbani wakikumbuka kutembea. Viumbe wawili wanatosha kwa sababu wanaunganishwa na kazi moja, ambayo ni kusoma mfupa. Mtoto anajifunza kazi hiyo kwa ndovu, kisha anaifanya mwenyewe kwa mvulana.

Kundi lisizidi watoto kumi na watano. Darasa la watoto arobaini na tano ligawanywe mara tatu, wengine waende kwa ndege na wengine bustani ya nyoka iliyo kwenye uwanja huohuo, kisha wapokezane. Mwalimu aombwe mapema kwamba madaftari yabaki ndani ya basi. Ombi hili huwashangaza walimu wengi, lakini mtoto mwenye daftari hunakili maandishi ya kibandiko neno kwa neno, akiwa ameinamisha kichwa, na anaondoka bila kuinua macho kutazama kitu ambacho kibandiko hicho kinakieleza.

Ziara inaanzia nje, uani, kwenye sanamu ya Ahmed yenye ukubwa wake halisi. Dakika ya kwanza ni ya kuketi. Watoto waketi chini kwa nusu duara, wafupi mbele, jua likiwa mgongoni kwao. Mwongozaji asianze kueleza Ahmed ni nani. Aseme hivi:

"Karibuni, watoto. Leo hatutaona kila kitu. Tutaona wawili tu, lakini tutawatazama vizuri. Huyu ndiye wa kwanza. Mtazameni bila kusema neno mpaka nihesabu kumi kwa vidole. Kisha kila mmoja ataniambia kitu kimoja alichokiona."

Kimya hicho cha sekunde kumi ni kigumu kwa mwongozaji kuliko kwa watoto. Atatamani kukijaza, naye ajizuie. Majibu yatakuja mengi: pembe ndefu, masikio, mikunjo ya ngozi, mkia mwembamba. Yote yapokelewe kwa sauti ileile, bila kumsifu mmoja kuliko mwingine, kwani ukimwambia wa kwanza "Vizuri sana!" wenzake wataacha kutazama na kuanza kutafuta jibu linalofanana na lake.

Sasa swali la kwanza lenye kazi: "Inueni mikono yenu miwili, mnionyeshe pembe za Ahmed zinavyokwenda. Zinaanzia wapi, zinapinda wapi, zinaishia wapi?" Mtoto hawezi kulijibu bila kutazama tena, kwa sababu mkono wake lazima ufuate mkunjo. Wengine watanyoosha mikono mbele kama mikuki. Usiwasahihishe. Uliza tu, "Tazameni tena ncha. Ziko juu au chini kuliko mdomo?" Mikono itajirekebisha yenyewe.

La pili: "Tazameni miguu yake, pale inapogusa ardhi. Mngemweleza vipi mtu asiyeiona?" Watasema minene, ya duara, imelala bapa chini. "Jibu hilo lishikeni. Tutalihitaji ndani."

Hapo ndipo habari inapoingia, na iwe fupi: "Huyu alikuwa ndovu wa kweli, akiishi msitu wa Marsabit. Pembe zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba watu waliogopa majangili wangemuua. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, na walinzi wenye bunduki wakawa wanamfuata. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee. Hakuna jangili aliyempata."

Mtoto mmoja atauliza, kama hakuuliza tayari: "Mwalimu, huyu ni wa kweli?" Naliheshimu sana swali hili. Ndilo watoto huuliza kuliko yote katika makumbusho yoyote, na linastahili jibu kamili. Sanamu hii imetengenezwa na watu kwa fibaglasi ili ifanane na Ahmed. Mwongozaji aseme hivyo waziwazi, kisha aongeze: "Lakini mifupa yake yenyewe iko ndani. Twendeni tukaione." Hapo ziara inapata nguvu ya kuingia ndani bila kusukumana, maana kila mtoto ana kitu anachokifuata. Hadi sasa dakika tano zimepita.

Kwenye ukumbi wa wanyama, kiunzi cha Ahmed kinahitaji dakika saba, na ndicho moyo wa ziara. Watoto wasimame upande mmoja, mahali wanapoona kichwa na miguu kwa pamoja. Swali la kufungulia ni hili: "Mmemwona Ahmed nje. Kitu gani alikuwa nacho nje ambacho hapa hana?" Ngozi, watasema. Masikio. Kisha kuna anayeshtuka: mkonga!

"Mkonga umekwenda wapi?"

Sasa mwongozaji anyamaze. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwasikiliza walimu wakifundisha sayansi na kugundua kwamba, baada ya kuuliza, wengi wao walisubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kusema tena au kumwita mtoto mwingine. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu yakawa marefu zaidi na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndefu kuliko zinavyodhaniwa. Zihesabu kimoyomoyo, kwa utulivu.

Watoto watasema umekatwa, umeoza, umeibwa. Kwa kila jibu, swali la kufuatia ni lilelile: "Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?" Swali hili lina kazi mbili. Linamrudisha mtoto kwenye kitu, na linamwambia kwamba jibu bila ushahidi halijakamilika, bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

"Mguse kila mmoja pua yake, kuanzia juu katikati ya macho, ushuke polepole. Inakuwa laini wapi?" Watoto watagundua wenyewe kwamba mfupa wa pua yao ni mfupi, na kwamba ncha ya pua inapindika. "Basi mkonga wote wa ndovu ni kama sehemu yenu ile laini. Hauna mfupa hata mmoja. Ni misuli mitupu, na misuli haikudumu."

Halafu: "Nionyesheni kwa kidole mahali palipokuwa na macho ya Ahmed."

Hapa karibu kila kundi hunasa. Katikati ya uso wa fuvu la ndovu kuna uwazi mkubwa, na vidole vingi vitaelekea hapo, kwa sababu panaonekana kama jicho moja kubwa. Usiwaambie wamekosea. "Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?" Ni kubwa, ni shimo, liko mbele. "Sasa sogeeni wote upande huu, mtazame ubavuni mwa fuvu. Kuna shimo jingine?" Wakiliona tundu la pembeni, mabishano yataanza. Mwongozaji asiyamalize haraka. "Nje, macho ya Ahmed yalikuwa mbele au pembeni?" Sasa wanakumbuka sanamu. Ya pembeni ndiyo macho. Ule uwazi wa katikati ni njia ya pua, pale mkonga ulipoanzia. Watoto wamefika wenyewe kwa kulinganisha vitu viwili, na mwongozaji amesema jambo moja tu mwishoni.

Kisha miguu. "Nje mlisema unyayo umelala bapa. Tazameni mifupa ya vidole vya mguu wa nyuma. Imelala, au imeinama kama ya mtu anayenyata?" Mifupa inateremka kuelekea ncha za vidole, kisigino kikiwa juu. Ndovu husimama kwenye vidole vyake, na nafasi iliyo chini ya kisigino ilijazwa na mto mnene wa mafuta na nyuzi ambao haukubaki baada ya kifo. Waambie wote wasimame kwa ncha za vidole mpaka uhesabu tano, ili miili yao ijue. Kuna faida ya pili: baada ya dakika kumi, watoto wa miaka tisa wanahitaji kutikisa miguu, na ni afadhali watikisike kwa ajili ya ndovu.

Kama taya linaonekana vizuri kutoka mahali waliposimama, maliza na meno: "Meno ya kutafunia yako wapi? Ni madogo mengi, au makubwa machache?" Ndovu huota magego kwa zamu sita maishani mwake, moja likisagika jingine likilisukuma kutoka nyuma, na seti ya mwisho ikiisha hakuna nyingine. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kukadiria umri wa ndovu kwa kutazama meno yake. Sentensi ya mwisho kabla ya kuondoka iwe: "Kumbukeni: meno hutaja umri. Tunakwenda kwa mtu mmoja tumuulize meno yake." Nayo pembe, ikiwa mtoto atauliza, ni meno vilevile, yale ya mbele ya taya la juu yaliyoendelea kukua.

Kutembea hadi kwenye ukumbi wa chimbuko la binadamu kupewe dakika mbili. Mwongozaji atangulie, mwalimu awe wa mwisho, na mtoto apewe kazi ya njiani, la sivyo kundi litakwama kwenye kila kioo: "Mkiwa njiani, pitisheni ulimi juu ya meno yenu. Mhesabu mapengo na meno mapya."

Mvulana wa Turkana ana dakika tano. Mbele ya kioo hawaoni vizuri zaidi ya watoto wanane, kwa hiyo kundi ligawike. Nusu wasogee, nusu wakae nyuma na kazi ya mikono: wapapase mikono yao na kukadiria kuna mifupa mingapi kati ya kifundo na ncha za vidole. Baada ya dakika mbili wabadilishane. Kazi ya mikono si ya kupoteza muda. Swali linalofuata linaitegemea.

"Huyu alikuwa mtu wa kale sana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Sitawaambia lolote kwanza. Niambieni ninyi: mifupa gani haipo?"

Ni swali ninalolipenda kuliko yote katika ziara hii, maana linamlazimu mtoto kupita mwili mzima, kutoka kichwani hadi chini, akilinganisha na wake. Fuvu lipo. Mbavu zipo. Uti wa mgongo upo. Mapaja yapo. Halafu kuna anayetazama mikono yake mwenyewe na kusema: viganja! Na mwingine: nyayo! Karibu mifupa yote ya mikono na miguu, kuanzia vifundo kwenda chini, haikupatikana. "Kwa nini hiyo, na si mifupa ya mapaja?" Waliopapasa mikono yao wanajua kwamba hapo mifupa ni midogo na mingi. Watasema fisi waliila. Watasema ilipotea mchangani. Watasema maji yaliichukua. Mwongozaji aeleze kwamba mvulana huyu alifia mahali pa kinamasi, na kwamba mifupa midogo husombwa na maji kwa urahisi kuliko mikubwa.

Sasa meno. "Meno hutaja umri. Nani amebakiwa na jino la utoto?" Mikono itainuka. Mvulana huyu pia alikuwa na jino la utoto ambalo halijang'oka kwenye taya la juu. Wanaosoma meno wanamkadiria miaka minane au tisa hivi. "Kwa hiyo alikuwa rika la nani?" Watajitazama. Kisha mwongozaji amwite mtoto mrefu kuliko wote, atoe futi ya fundi, na ainyooshe ukutani hadi mita moja na sentimita sitini. Huo ndio urefu anaokadiriwa kuwa nao mvulana huyo. Mtoto mrefu atabaki chini ya alama kwa kiasi cha kuonekana na wote. Rika lenu, lakini mrefu kama mama zenu wengi. Alikua upesi kuliko tunavyokua sisi.

Kwa watoto wenye umri huu, aliyeona mfupa kwanza anahesabika kama aliyeuacha. Aliyeuona ni Kamoya Kimeu, Mkenya, mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Alichoona ni kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe zenye rangi karibu sawa nacho. Kila mwingine angepita. Baada yake, timu iliyoongozwa na Richard Leakey na Alan Walker ilichimba na kuchekecha udongo kwa misimu kadhaa mpaka ikapata kiunzi kilichokamilika kuliko vingi vya umri huo. Ni vizuri mtoto asikie jina la Kamoya akiwa ametoka kufanya kazi ya Kamoya, yaani kutafuta kwa macho kitu ambacho hakijitangazi.

"Ni mifupa ya kweli?" litaulizwa tena hapa, na jibu lake si jepesi. Mifupa ya kale kiasi hiki imekuwa visukuku: madini yamepenya na kuigeuza kuwa jiwe. Aidha makumbusho mengi huonyesha nakala na kuhifadhi asili kwenye chumba maalumu. Mwongozaji amuulize mhifadhi asubuhi hiyo ni kipi kilicho ndani ya kioo, kisha aseme ukweli. Mtoto aliyeambiwa nakala ni asili na baadaye akagundua, hatamwamini mwongozaji juu ya Ahmed pia.

Kuna mtoto atakayesema, "Kwetu tunafundishwa kwamba Mungu alimuumba mtu." Mwongozaji asibishane naye, wala asimnyamazishe. Amjibu kwamba hapa kazi yetu ni kuona mfupa unasema nini, na amrudishe kwenye taya: "Jino lile umeliona?" Na kuna watoto ambao nyumbani kwao mabaki ya mtu hayatazamwi. Wasilazimishwe kusogea. Waachwe kwenye nusu ya nyuma, wakipapasa mikono yao, na swali la mifupa isiyopo watalijibu kwa kusikiliza wenzao.

Dakika ya mwisho haihitaji hotuba. Kila mtoto ataje kitu kimoja alichokiona ambacho hakuna mwenzake aliyekitaja. Wa kwanza watataja mazito. Wa mwisho watalazimika kutafuta, na watatoa vitu ambavyo mwongozaji hajawahi kuvitazama: ufa kwenye mbavu, waya unaoshikilia mfupa, rangi ya jino moja tofauti na jingine. Akivipokea kwa mshangao wa kweli, watoto wataujua.

Mara nyingi muda hautoshi. Basi lilichelewa, au kundi jingine limesimama mbele ya kiunzi. Hapo cha kupunguza ni maelezo kuhusu Marsabit na Nariokotome, pamoja na meno ya ndovu ikiwa hayaonekani vizuri. Maswali matatu yasiguswe: macho ya Ahmed, nyayo zake, na mifupa isiyopo ya mvulana. Na ikiwa makumbusho yamehamisha kitu, kwani maonyesho hubadilika, mwongozaji aijue njia kwa kutembea mwenyewe siku moja kabla, akiwa amechuchumaa. Kwa kimo cha mtoto wa miaka tisa mng'aro wa kioo huangukia mahali pengine, na kitu kilichoonekana wazi kwa mtu mzima kinaweza kuwa kimezibwa na ukingo wa kabati.

Mwalimu anayetaka kujua kama ziara ilifanya kazi asiwape watoto mtihani wa tarehe. Kesho yake awaambie wachore, bila picha yoyote mbele yao, mguu wa nyuma wa ndovu kwa ndani, mifupa tu. Wale waliosikiliza bila kuona watachora nguzo iliyonyooka hadi chini. Waliotazama watachora vidole vimeinama na kisigino kimeinuka, na wengine wataacha nafasi tupu chini yake, pale palipokuwa na mto wa mafuta.